Mpira Mweupe Utaelekea Wapi?

Kila mcheza puli anaijua aibu hii. Mpira mwekundu umeingia shimoni vizuri kabisa, watazamaji wameanza kushangilia, kumbe mpira mweupe nao unajiendea taratibu kuelekea shimo jingine. Unafika ukingoni, unasita kidogo, unatumbukia. Zamu imekwenda kwa mpinzani, na mchezaji anatikisa kichwa akilaumu bahati.

Bahati haihusiki sana. Mpira mweupe ulipougonga ule mwekundu, njia za mipira yote miwili zilipangwa na mambo machache yanayohesabika kwa kalamu na karatasi: kasi ya mpira mweupe, mahali ulipogusa, na ukweli kwamba mipira hiyo miwili ina uzito sawa. Hili la mwisho, ambalo mchezaji halifikirii kabisa, ndilo linaloamua mengi kuliko yote.

Mipira ya puli ya kimataifa ina kipenyo cha milimita 57 hivi, na kila mmoja una gramu kati ya 156 na 170. Tuseme mpira mwekundu umetulia mezani, na mweupe unaujia kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, kasi ya wastani kwa mchezaji asiye na papara. Baada ya kugongana kuna mambo manne yasiyojulikana: kasi ya mweupe, kasi ya mwekundu, pembe ya mweupe na pembe ya mwekundu. Maswali manne yanadai taarifa nne.

Taarifa ya kwanza haitoki kwenye kanuni kubwa yoyote. Inatoka mahali mipira ilipogusana. Mipira hii ni migumu na laini, kwa hiyo mweupe hauwezi kuuburuta mwekundu kwa pembeni. Unaweza tu kuusukuma. Msukumo huo hupita katika mstari mmoja, ule unaounganisha vitovu vya mipira miwili wakati inapogusana. Mpira mwekundu, kwa kuwa ulikuwa umetulia, hauna njia nyingine ila kuufuata mstari huo. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hujichorea kichwani mpira wa kufikirika, uliogusana na ule mwekundu upande ulio mkabala kabisa na shimo, kisha huupeleka mweupe ukae pale pale ulipo mpira huo wa kufikirika.

Chukua pigo la nusu mpira, lile ambalo kitovu cha mpira mweupe kinalenga ukingo wa mpira mwekundu. Kutoka kwenye njia ya mweupe hadi kitovu cha mwekundu, kwa kwenda pembeni, ni nusu ya kipenyo, yaani milimita 28.5. Vitovu vyenyewe, wakati wa kugusana, vimetengana kwa kipenyo kizima, milimita 57. Nusu ya kitu kwa kitu kizima ni 0.5, na pembe ambayo sini yake ni 0.5 ni digrii 30. Basi mwekundu utaondoka kwa digrii 30 kutoka uelekeo ambao mweupe ulikuwa unakwenda. Ukikosea kulenga kwa milimita moja tu, pembe hiyo hubadilika kwa zaidi kidogo ya digrii moja, na mpira mwekundu ukishatembea mita nzima utakuwa umepotoka kwa sentimita 2.

Sasa imebaki mitatu, na hapa ndipo momenta inapoingia. Momenta ya kitu ni tungamo lake likizidishwa kwa kasi yake, pamoja na uelekeo wake. Mipira miwili inapogongana, momenta yote ya mwanzo hubaki; hugawanywa tu kati yao. Lakini uelekeo lazima uhesabiwe. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliteleza papo hapo katika kitabu alichokitoa mwaka 1644. Alidai kwamba jumla ya mwendo haipotei, ila aliupima mwendo kwa ukubwa wa kitu na kasi yake bila kujali unakwenda wapi, na kanuni zake za migongano zikagoma kukubaliana na mipira halisi. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyezinyoosha baadaye katika karne hiyo hiyo, na moja ya marekebisho yake ilikuwa kuupa uelekeo nafasi yake.

Njia rahisi ya kuuhesabu uelekeo ni kuuvunja kila mwendo katika vijenzi viwili. Kijenzi cha kwanza ni kile cha mbele, kwenye mstari ambao mpira mweupe ulikuwa unakwenda. Cha pili ni kile cha pembeni, kinachokatiza mstari huo kwa pembe mraba. Kila kijenzi kina daftari lake, na hesabu za daftari moja hazichanganywi na za jingine. Kabla ya kugongana, daftari la mbele lina mita 2 kwa sekunde, zote za mpira mweupe. Daftari la pembeni ni tupu. Kwa kuwa matungamo ni sawa, yanajikata kwenye pande zote za mlinganyo, na inatosha kuandika kasi peke yake:

mbele: 2 = kasi ya mwekundu × cos 30° + kasi ya mweupe × cos θ

pembeni: 0 = kasi ya mwekundu × sin 30° − kasi ya mweupe × sin θ

Alama θ ni pembe ya mpira mweupe, ile inayotafutwa. Alama ya kutoa katika mstari wa pili inasema kwamba mipira imekwenda pande mbili tofauti: mmoja ukichepuka kushoto, mwingine lazima uchepuke kulia, ili jumla ya pembeni ibaki sifuri kama ilivyokuwa.

Milinganyo miwili, maswali matatu. Taarifa inayokosekana ni nishati. Mipira ya puli ni migumu kiasi kwamba karibu nishati yote ya mwendo inarudi baada ya kugongana, na kwa hesabu ya kwanza inafaa kuchukulia kwamba haikupotea hata chembe. Katika mgongano wa namna hiyo kati ya mipira iliyo sawa, ule uliosimama huchukua mwendo wote wa mwenzake uliokuwa umeelekea kwenye mstari wa vitovu. Kijenzi hicho cha mpira mweupe ni 2 × cos 30°, yaani mita 1.73 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya mpira mwekundu.

Kazi ngumu imekwisha. Katika mita 1.73 za mpira mwekundu, 1.5 zinakwenda mbele na 0.87 zinakwenda pembeni. Daftari la mbele lilikuwa na 2, mwekundu umechukua 1.5, basi mweupe umebakiwa na 0.5. Daftari la pembeni lilikuwa tupu, mwekundu umechukua 0.87 upande mmoja, basi mweupe lazima uchukue 0.87 upande wa pili. Mpira unaokwenda 0.5 mbele na 0.87 pembeni unaelekea digrii 60, na kasi yake ni mita 1 kwa sekunde.

Ukitaka kuhakiki, tazama nishati. Kwa tungamo lile lile, nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Mraba wa 2 ni 4. Mraba wa 1.73 ni 3, na mraba wa 1 ni 1. Nne imegawanyika ikawa tatu na moja, na hakuna kilichopotea. Linganisha na kosa la Descartes: ukijumlisha kasi mbili za mwisho bila uelekeo unapata 2.73, zaidi ya ile 2 ya mwanzo, kana kwamba mwendo umezaliwa hewani.

Digrii 30 na digrii 60 zinafanya 90, yaani pembe mraba. Hilo halikutokea kwa sababu ya namba zilizochaguliwa. Chora mshale wa kasi ya mwekundu, kisha kwenye ncha yake anzia mshale wa kasi ya mweupe. Kwa kuwa momenta haipotei na matungamo ni sawa, ncha ya mshale wa pili itafika pale pale unapofika mshale wa kasi ya mwanzo. Umepata pembetatu. Nishati nayo inasema mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kwamba hiyo ni kanuni ya Pithagorasi, inayofuatwa na pembetatu zenye pembe mraba peke yake.

Kwa hiyo, mwekundu ukitoka kwa digrii 20, mweupe utatoka kwa 70. Ukiguswa kwa pembeni sana na kutoka kwa digrii 75, mweupe utapinda kwa 15 tu na kuendelea na karibu kasi yake yote. Jibu linakosekana katika pigo moja tu, lile la uso kwa uso: mwekundu unachukua mwendo wote, mweupe unasimama kama uliopigwa msumari, na kitu kilichosimama hakina pembe ya kupimwa.

Mtu akiondoka hapa moja kwa moja kwenda mezani, atarudi analalamika. Atapiga pigo la nusu mpira kwa uangalifu, mwekundu utatoka kwa digrii 30 kama ilivyoandikwa, lakini mweupe hautakwenda kwa 60. Utaishia kwenye digrii 34 hivi. Ameona sawa, na hesabu pia iko sawa. Kilichoachwa ni mzunguko.

Mpira mweupe uliotembea umbali wa kutosha juu ya kitambaa hauteleza tena, unabingirika. Unapougonga mwekundu, unampa mwenzake sehemu ya mwendo wa kwenda, lakini hauwezi kumpa ule wa kuzunguka, kwa sababu nyuso zao ni laini na mgusano hauchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Baada ya kuachana, mweupe unaanza safari kwa digrii 60 kama hesabu ilivyosema, ila bado unazunguka kana kwamba unakwenda mbele kwa mita 2 kwa sekunde. Sehemu yake ya chini inakwaruza kitambaa, msuguano unausukuma mbele, na njia yake inajipinda mpaka kubingirika na kwenda vipatane tena.

Kwa mpira uliojaa ndani, mwendo wa mwisho una sehemu tano kwa saba za ule ulioondoka nao baada ya kugongana, na sehemu mbili kwa saba za ule wa mzunguko uliobaki. Fungua madaftari yale yale mawili. Mbele: tano kwa saba ya 0.5, ongeza mbili kwa saba ya 2, unapata 0.93. Pembeni: tano kwa saba ya 0.87, unapata 0.62, na hakuna cha kuongeza, kwa sababu mzunguko wote ulikuwa wa kwenda mbele. Mpira wenye 0.93 mbele na 0.62 pembeni unaelekea digrii 34, kasoro kidogo. Juu ya kitambaa cha kawaida mpindo huo huisha katika robo ya sekunde hivi, ndani ya sentimita 25 au 30 za kwanza, na ndiyo sababu jicho lisilozoea haliuoni. Linaona mwanzo na mwisho, likidhani ni mstari mmoja.

Aliyeyaandika haya kwa hesabu kamili ni Mfaransa mwingine, Gaspard-Gustave de Coriolis, yule yule ambaye jina lake watu wa hali ya hewa hulitaja wanapoeleza kuzunguka kwa upepo. Mwaka 1835 alitoa kitabu kizima juu ya hesabu za mchezo wa biliadi, na ndani yake alionyesha kwamba mpira unapoteleza baada ya kugongana hufuata mkunjo wa parabola.

Mchezaji anayetaka kuiona pembe mraba yenyewe anaweza kuipata. Aupige mpira mweupe chini kidogo ya katikati, ili mzunguko wa kurudi nyuma uwe umeliwa na kitambaa sawasawa wakati mweupe unapoufikia mwekundu. Hapo mweupe unagonga ukiwa unateleza bila kuzunguka upande wowote, na baada ya kugongana hakuna cha kuupinda. Utakwenda kwa digrii 60 na kushika njia yake. Hata hivyo, akipima kwa makini sana atakuta pembe kati ya mipira imepungua kidogo, labda digrii 87 au 88. Pengo hilo dogo ni nishati iliyogeuka mlio na joto: mwekundu haukuchukua mwendo wote wa mstari wa vitovu, na mabaki machache yaliyobaki kwa mweupe yanauvuta mbele.

Kuna kasoro nyingine ambayo haitokani na mchezaji, na hiyo inaugusa msingi wenyewe wa hesabu. Katika baadhi ya meza za kutumbukiza sarafu, mpira mweupe haulingani na mingine. Meza lazima iutambue ili iurudishe kila unapotumbukia, na njia moja ya kufanya hivyo ni kuufanya mdogo. Katika meza za baa za Uingereza imezoeleka mipira ya rangi kuwa na kipenyo cha milimita 50.8 na mweupe kuwa na 47.6. Tofauti ya milimita 3 inaonekana ndogo, lakini uzito hufuata ukubwa wa mpira mzima, kwa hiyo mweupe huo una asilimia 82 tu ya uzito wa wenzake. Matungamo hayajikati tena katika milinganyo. Ukirudia hesabu kwa mwekundu unaotoka kwa digrii 30, pembe kati ya mipira inapanda kutoka 90 hadi 99 na nusu. Kwenye meza nyingine mweupe huwa mzito kuliko mingine, na hapo pembe hushuka chini ya 90.

Ipo njia ya kuijua meza kabla ya kuweka dau. Weka mpira wa rangi karibu na mweupe, kwa mstari ulionyooka, kisha piga ule mweupe uende ukiteleza bila kuzunguka, uso kwa uso. Ukisimama papo hapo, mipira ina uzito sawa. Ukirudi nyuma kidogo, mweupe ni mwepesi. Ukiendelea mbele, ni mzito. Jaribu mara kadhaa, maana mzunguko mdogo tu wa bahati mbaya unaweza kuiga jibu lolote kati ya hayo.

Hila hii ya kusoma uzito kwa kutazama pembe imetumika mahali ambapo hakuna mizani inayoweza kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Patrick Blackett alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Cavendish, Cambridge, chini ya Ernest Rutherford. Alitumia chemba ya wingu, chombo kilichobuniwa na C. T. R. Wilson, ambamo chembe ndogo kuliko atomu hupita katika mvuke na kuacha nyuma mstari mwembamba wa matone. Blackett alipiga picha za chembe za alfa zikipita katika gesi. Mara chache sana mstari uligawanyika ghafla kuwa matawi mawili: chembe ilikuwa imekigonga kiini cha atomu, na vyote viwili vimeondoka kila kimoja na njia yake.

Gesi ilipokuwa heliamu, matawi hayo yalifanya pembe mraba. Ndivyo ilivyopaswa, kwa sababu chembe ya alfa yenyewe ni kiini cha heliamu, hivyo mgongaji na mgongwaji ni sawa kwa uzito. Gesi ikiwa nitrojeni, yenye viini vizito kuliko alfa, pembe hupita 90. Ikiwa haidrojeni, yenye viini vyepesi, hushuka chini yake. Tatizo lilikuwa kwamba mgongano unaweza kutokea ukiwa umeinama kwa kamera, na pembe mraba iliyoinama huonekana kwenye picha kama pembe nyingine kabisa. Kwa hiyo kila tukio lilipigwa picha kutoka pande mbili zilizo katika pembe mraba, na njia zikajengwa upya katika vipimo vitatu kabla ya mtu kugusa hesabu.

Chembe za alfa hazina kasi kubwa kwa kipimo cha mwanga. Hufikia kama asilimia 5 ya kasi yake. Elektroni zinazotoka katika vyanzo vya mnururisho huweza kuikaribia kasi ya mwanga yenyewe. Mwaka 1932 Frank Champion alichapisha vipimo vya elektroni za kasi zilizogonga elektroni nyingine ndani ya chemba ya wingu. Elektroni zote zina tungamo sawa, kwa hiyo kwa hesabu ya meza ya puli matawi yangefanya digrii 90. Yalifanya chini ya hapo. Kadiri kasi inavyoukaribia mwanga, ndivyo momenta inavyokua haraka kuliko kasi, kwa hiyo kijenzi cha mbele kinakuwa kikubwa kuliko Newton anavyotarajia na matawi yote mawili yanasogezwa mbele. Kwa elektroni iliyokuja kwa asilimia 90 ya kasi ya mwanga na kugawana nishati nusu kwa nusu na mwenzake, hesabu ya Einstein inatoa digrii 76 kati ya matawi. Pembe alizozipima Champion zilifuata hesabu hiyo ya Einstein.